Ziwa gumu, jekundu, na homa juu: usimwachishe mtoto

Mamangu unaenyonyesha, ukiona ziwa moja tu limekuwa gumu kipande, jekundu (kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri so gusa, utasikia linachoma), afu unatetemeka baridi na homa kama 38.5 hivi, usikimbilie kusema ni malaria. Malaria kapime ndio, ila mwonyeshe nesi na ziwa.

Mimi ya kwangu ilianza usiku mtoto wiki ya 3, asubuhi jirani kaja na kitana anataka kulichana na maji ya moto likandwe kwa nguvu, nikakataa, maana kulikandamiza kunazidisha uvimbe. Nilichofanya ni kuendelea kumnyonyesha kama kawaida, maziwa hayamdhuru, ukiacha ghafla yanajaa na jipu linaweza kutunga. Akikataa kamua kwa mkono kiasi anachokunywa tu, usikamue hadi tone la mwisho, ukizidisha ziwa linatengeneza mengi zaidi. Akishashiba weka kitambaa cha maji baridi, meza panado. (Kama una VVU, uliza kliniki kwanza kuhusu ziwa hilo.)

Ndani ya masaa 24 hakuna nafuu, au hali ni mbaya toka mwanzo, nenda hospitali upewe antibayotiki ya anaenyonyesha, umalize dozi hata homa ikishuka siku ya pili. Ukiona usaha, au uvimbe umebaki unabonyea kama una maji ndani, hilo ni jipu, linatolewa na daktari, msitumbue nyumbani.