Chati ya Excel inayojisogeza: miezi 12 ya mwisho tu

Kituo cha kukusanyia maziwa Rungwe huandika lita kila mwezi. Baada ya mwaka na nusu chati imejaa nguzo nyembamba, na kila mwezi mpya mtu analazimika kuivuta kwa mkono. Kuigeuza data kuwa Table hakusaidii hapa, kwa sababu Table huongeza mwezi mpya bila kuuondoa wa zamani. Tunachotaka ni chati inayopokea mmoja na kuachia mmoja.

1. Panga data

Shiti iitwe `Maziwa`. A1 andika Mwezi, B1 andika Lita, kisha data ianze mstari wa 2 na kushuka chini kwa mfuatano wa miezi. Kolamu A iwe na tarehe halisi, siku ya kwanza ya kila mwezi.

Tarehe ndizo zinazowakwamisha wengi. Kompyuta nyingi huja na mpangilio wa Kimarekani, kwa hiyo ukiandika 1/3/2025 ukikusudia Machi, yenyewe inasoma tarehe 3 Januari. Hutaona kosa lolote kwenye shiti, ila nguzo zako zote zitarundikana Januari. Andika `2025-03-01`, haina utata, kisha ipe seli muundo wa `mmm-yy`.

Kolamu B iwe namba tupu. Ukiandika "1250 lita", Excel inaona maneno. Utaligundua kwa macho: maneno huegemea kushoto mwa seli, namba huegemea kulia. Jumla isikae chini ya kolamu hii, maana itahesabiwa kuwa mwezi wa mwisho. Ihamishie kolamu D.

2. Tengeneza majina matatu

Bonyeza Ctrl+F3 ufungue Name Manager, kisha New. Tengeneza majina haya moja baada ya jingine; kilicho kushoto ni jina, kilicho kulia unakiandika kwenye Refers to:

```
Mwisho  =MATCH(9E+307,Maziwa!$B:$B)
Miezi   =OFFSET(Maziwa!$A$1,Mwisho-1,0,-MIN(12,Mwisho-1),1)
Lita    =OFFSET(Miezi,0,1)
```

Ukiwa ndani ya kisanduku cha Refers to, usitumie mishale ya kibodi kabla ya kubonyeza F2. Bila F2, mshale unachomeka anwani ya seli katikati ya fomula yako. Na kama kompyuta yako hutenganisha kwa nukta mkato, weka `;` badala ya koma.

`Mwisho` hutafuta namba kubwa kupita yoyote utakayoandika. Kwa kuwa haipo, MATCH huishia kwenye namba ya chini kabisa katika kolamu B na kutoa nambari ya mstari wake. Wengi hutumia COUNT, lakini COUNT huhesabu seli zenye namba tu. Mwezi mmoja ukiachwa wazi, chati inabaki nyuma mwezi mmoja bila kukuambia.

Tuifuate kwa mfano. Data imeanza Januari 2024 mstari wa 2, hivyo Machi 2025 ipo mstari wa 16. `Mwisho` ni 16. OFFSET inashuka mistari 15 kutoka A1 na kufika A16. Alama ya kutoa mbele ya MIN inaifanya ihesabu kwenda juu, seli 12, hadi A5, yaani Aprili 2024. MIN ni ya kituo kipya chenye miezi mitano tu: inachukua mitano iliyopo, isigonge kichwa cha kolamu.

Hakiki kabla ya kuendelea: kwenye Name Manager chagua `Lita`, bofya ndani ya Refers to. Mstari wa vitone unaotembea uzunguke B5 hadi B16.

3. Ipe chati majina hayo

Chora chati ya nguzo ya kawaida kwa A1:B13. Bofya kulia juu yake, Select Data, kisha Edit upande wa kushoto. Kwenye Series values futa kilichopo uandike:

```
=Maziwa!Lita
```

Upande wa kulia, Edit ya lebo za mlalo, andika `=Maziwa!Miezi`. Jina la shiti ni lazima. `=Lita` peke yake itakataliwa. Fomula ya OFFSET yenyewe pia haikubaliwi hapa, ndiyo maana tumepitia majina. Ukirudi kutazama utakuta Excel imeweka jina la faili badala ya shiti, na hilo ni sawa.

4. Jaribu

Andika Aprili 2025 na lita zake mstari wa 17. Chati ianzie Mei 2024. Ikibaki pale pale, angalia kama lita hizo zimeegemea kushoto.

Kwa maziwa, miezi 12 inaonyesha masika na kiangazi kizima, lakini Aprili 2025 haikai pamoja na Aprili 2024. Ukitaka kuzilinganisha, badilisha 12 iwe 13 ndani ya `Miezi`. `Lita` itafuata yenyewe.