Kupanga Vipengele vya Tovuti kwa Toleo la Kwanza Bajeti Inapobana

Tuchukue tovuti ya kuandikisha wanafunzi wa kozi fupi, ambayo fedha zake zinatosha siku 20 za kazi ya mtayarishaji programu mmoja.

Hatua ya 1. Orodhesha vipengele vyote katika jedwali la kawaida, na kando ya kila kimoja uandike makadirio ya siku. Programu za kuburuta kadi sizipendi kwa kazi hii, kwa kuwa nyingi hazionyeshi jumla ya siku moja kwa moja.

Hatua ya 2. Vipengele vitaingia makundi matatu: Lazima, ambavyo tovuti haiwezi kufunguliwa bila hivyo; Inafaa, vya kuongeza siku zikitosha; na Baadaye, vinavyosubiri toleo lijalo. Weka kikomo kabla ya kupanga: Lazima isizidi asilimia 60 ya siku zote, yaani siku 12 hapa. Zinazobaki ni za Inafaa na za makadirio yatakayokosea.

Hatua ya 3. Gawa vipengele katika makundi hayo. Hapa ndipo penye kazi, kwa sababu mwenye tovuti atadai kwamba kila kitu ni lazima. Usimuulize kama kipengele ni muhimu, bali muulize siku ya ufunguzi itakuwaje kisipokuwepo, na kama mtu anaweza kuifanya kazi hiyo kwa mkono. Malipo ya mtandaoni, yaliyokadiriwa siku 5, huonekana kuwa lazima, lakini mwanafunzi anaweza kupewa maelekezo ya kulipa na karani akathibitisha mwenyewe. Kwa hiyo yanaingia Inafaa. Njia hiyo ina mpaka wake: nafasi zikiwa chache na waombaji wakaja kwa pamoja, karani atajikuta amethibitisha watu wengi kuliko viti. Dawa yake si kuyarudisha malipo yote katika Lazima, bali kukichukua kipande kimoja tu, yaani fomu inayohesabu maombi na kujifunga nafasi zinapokwisha.

Kwa kukata vipande namna hiyo, Lazima inabaki na ukurasa wa kozi (siku 2), fomu yenye hesabu ya nafasi (4), barua pepe ya kuthibitisha maombi (1), orodha ya waombaji kwa karani (2), pamoja na HTTPS, nakala rudufu na majaribio kwenye simu (2). Jumla ni siku 11. Hivi vitatu vya mwisho husahaulika kwa kuwa hakuna mteja anayeviomba.

Angalia pia vinavyotegemeana. Akaunti za wanafunzi zikienda Baadaye, kuingia, kubadili nenosiri na ukurasa wa wasifu huondoka nazo. Hata hivyo, fomu ihifadhi maombi katika hifadhidata na si kuyatuma kwa barua pepe peke yake, la sivyo akaunti hizo zitakapojengwa hazitakuwa na kumbukumbu za kuanzia.

Hatua ya 4. Malipo yakiingia Inafaa, jumla inafika siku 16. Siku 4 zilizobaki usizigawe. Lazima ikichelewa, zitumike hapo kwanza, na zisipotosha, malipo ndiyo yasubiri.

Hatua ya 5. Utafutaji, maoni ya wanafunzi na akaunti viandikwe Baadaye, bila tarehe.