Mahindi ekari ngapi, vitunguu ekari ngapi? Kupanga shamba kwa grafu pale vibarua na mbolea vinapobana

Katika skimu za umwagiliaji kama za Ruaha Mbuyuni au Mang'ola, mkulima anajua kwamba ekari ya vitunguu ikienda vizuri huipita mbali ekari ya mahindi. Kwa nini basi asipande vitunguu shamba zima? Kwa sababu vitunguu hula watu na mbolea kuliko mahindi, na vyote viwili vina kikomo. Kubahatisha "nusu kwa nusu" si jibu. Hesabu hii inafanyika kwa penseli, rula na daftari la hesabu lenye viboksi, na inachukua kama saa moja.

Tuchukue shamba moja la mfano. Lina ekari 4 zinazopata maji. Mifuko ya mbolea iliyopo au inayoweza kununuliwa ni 10, ya kupandia na ya kukuzia pamoja, ya kilo 50. Watu wa kufanya kazi ni 4. Namba zako zitakuwa tofauti, lakini njia ni hii hii.

Kabla ya kushika rula, pata namba za kazi, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanajumlisha siku za msimu mzima: watu 4 kwa miezi minne, siku karibu 400, halafu wanaona nguvukazi imejaa tele. Lakini kazi ya shamba haigawanyiki sawasawa. Kwenye skimu kuna mwezi mmoja ambao vitunguu vinahamishwa kutoka kitaluni mche mmoja mmoja, na mwezi huo huo mahindi yanataka palizi ya kwanza. Huo ndio mwezi wa kuhesabu. Ukitoa siku za mnada, za ibada na za misiba, mtu mmoja anabakiwa na siku 24 za kazi, kwa hiyo watu 4 wana siku-kazi 96. Katika mwezi huo ekari ya mahindi inataka siku-kazi 12, na ekari ya vitunguu inataka 40. Kama hujawahi kuandika siku za kazi, kumbuka msimu uliopita: watu wangapi waliingia shambani kupandikiza, na walimaliza kwa siku ngapi?

Mbolea ni rahisi zaidi. Mahindi mifuko 2 kwa ekari, vitunguu mifuko 4.

Namba ya mwisho ni faida ya kila ekari. Chukua mauzo, toa mbegu, mbolea, dawa, mafuta ya pampu na usafiri. Usitoe gharama za ardhi yako wala za watu wa nyumbani, kwa sababu hizo hazibadiliki ukipanda hiki au kile. Na kwenye vitunguu piga bei kwa kilo, usipige kwa gunia: ukihesabu magunia ya kawaida kisha dalali akafungasha lumbesa, faida uliyoandika haipo. Tuseme mahindi yanabakiza shilingi 300,000 kwa ekari na vitunguu 900,000.

Sasa ziandike kwa ufupi. M ni ekari za mahindi, V ni ekari za vitunguu:

```
Ardhi:   M + V      ≤ 4
Kazi:    12M + 40V  ≤ 96
Mbolea:  2M + 4V    ≤ 10
Faida:   300,000M + 900,000V
```

Alama ≤ inasema "isizidi". Chora mstari wa kulala, uuandike M, na wa kusimama, uuandike V. Fanya viboksi 4 viwe ekari 1, ili kiboksi kimoja kiwe robo ekari. Kila kikomo ni mstari mmoja ulionyooka, na kuupata unahitaji nukta mbili tu. Kwa ardhi: ukipanda mahindi matupu ni ekari 4, ukipanda vitunguu vitupu ni ekari 4. Unganisha. Kwa kazi: 96 kugawa kwa 12 ni 8 upande wa mahindi, na 96 kugawa kwa 40 ni 2.4 upande wa vitunguu. Kwa mbolea: 5 upande wa mahindi, 2.5 upande wa vitunguu.

Kila mstari una upande wa ndani, ule wenye kona ya sifuri, na upande wa nje usiowezekana. Tia kivuli sehemu iliyo ndani ya mistari yote mitatu kwa pamoja. Nukta yoyote ndani ya kivuli ni mpango unaotekelezeka. Nukta iliyotoka nje, hata kidogo, inakudai watu au mbolea usiyokuwa nayo.

Angalia umbo la kivuli. Upande wa mahindi linazuiwa na ardhi, katikati linazuiwa na mbolea, na juu kabisa, upande wa vitunguu, linazuiwa na kazi. Faida kubwa kuliko zote hupatikana kwenye mojawapo ya kona. Unaweza kulithibitisha kwa rula: mpango wa mahindi ekari 3 matupu unaleta 900,000, na wa vitunguu ekari 1 peke yake unaleta kiasi hicho hicho. Weka rula kwenye nukta hizo mbili, kisha isogeze kwenda nje bila kuipindisha. Kona ya mwisho itakayoguswa kabla rula haijatoka kwenye kivuli ndiyo jibu.

Lakini hapa macho yanaweza kudanganya. Rula yako inalala karibu sambamba na mstari wa kazi, na kona mbili za juu zitaonekana kama zinaachwa kwa pamoja. Usiamue kwa macho. Tafuta kona kwa hesabu. Pale mbolea inapokutana na kazi, mstari wa mbolea unatupa M = 5 − 2V. Ingiza kwenye mstari wa kazi:

```
12(5 − 2V) + 40V = 96
60 + 16V = 96
V = 2.25,  M = 0.5
```

Pale ardhi inapokutana na mbolea utapata mahindi 3 na vitunguu 1. Kona nyingine ziko kwenye mihimili yenyewe. Piga faida ya kila moja:

| Mahindi (ekari) | Vitunguu (ekari) | Faida (shilingi) |
|---|---|---|
| 4 | 0 | 1,200,000 |
| 3 | 1 | 1,800,000 |
| 0.5 | 2.25 | 2,175,000 |
| 0 | 2.4 | 2,160,000 |

Mshindi ni nusu ekari ya mahindi na ekari mbili na robo za vitunguu. Tofauti yake na vitunguu vitupu ni shilingi 15,000 tu, ndiyo maana rula peke yake haikutosha.

Je, kaya itakula nini kwa nusu ekari ya mahindi? Swali hili lina mstari wake. Kama nyumba inahitaji walau ekari 1 ya mahindi, chora mstari uliosimama kwenye M = 1 na ukate kivuli chote kilicho kushoto kwake. Kona mpya ya juu ni pale mstari huo unapogusa mbolea: mahindi 1, vitunguu 2. Faida ni 2,100,000. Yaani uhakika wa ugali umegharimu shilingi 75,000, na sasa unaweza kuulinganisha na bei ya kununua mahindi mwezi wa njaa. Kwa kaya nyingi hiyo ni bei nafuu.

Baki na mpango huo wa 1 na 2, uukague kikomo kwa kikomo. Mbolea: 2 + 8 = 10, imekwisha. Kazi: 12 + 80 = 92, zimebaki siku 4. Ardhi: ekari 3, imebaki ekari nzima. Hapo ndipo grafu inapolipa zaidi ya jibu lenyewe. Ukitafuta kibarua wa ziada mwezi huo, hakuongezei hata senti, kwa sababu kinachokuzuia si watu. Ukikodi shamba la jirani ni hasara tupu. Ukipata mfuko wa 11 wa mbolea, mstari wa mbolea unasogea nje, na kona bora inahamia mahindi 1.75 na vitunguu 1.875, faida 2,212,500. Mfuko mmoja umeleta 112,500, na bei yake ya kawaida imeshatolewa ndani ya faida ya ekari. Hicho ndicho kikomo cha nyongeza unayoweza kukubali ukikopeshwa mfuko huo kwa riba. Na ekari iliyobaki, iliyo na maji, unaweza kuikodisha.

Kwenye kupima shambani, ekari ni hatua 70 kwa 70 na robo ekari ni hatua 35 kwa 35, kwa hiyo robo na nusu hazina shida. Shida ni kukadiria kwenda juu. Mtu anaona 2.25 anasema "basi iwe mbili na nusu". Ukiweka nusu ekari ya mahindi na mbili na nusu za vitunguu, unahitaji mifuko 11 na siku-kazi 106. Matokeo yake yanajulikana: miche inazidi umri kitaluni ikingoja watu, na mbolea inagawanywa nyembamba shamba zima. Ukilazimika kukadiria, rudi ndani ya kivuli, na hakiki upya mistari yote.

Zao la tatu haliingii kwenye karatasi hii, maana lingehitaji mhimili wa tatu. Hapo mwombe afisa ugani au kijana wa ushirika mwenye kompyuta atumie `Solver` kwenye jedwali la hesabu. Mistari inayoandikwa ni ile ile, inaongezeka herufi moja tu.

Kitu kimoja kikaguliwe kabla ya kusia mbegu kitaluni: bei. Faida ya vitunguu ikiwa zaidi ya mara mbili ya mahindi, kona ya 1 na 2 inabaki bora. Ikishuka hadi 600,000, kona hiyo na ile ya mahindi 3, vitunguu 1 zinalingana kabisa, zote 1,500,000. Ikishuka chini ya hapo, rula inahamia upande wa mahindi. Kwa shamba linalotoa kilo 5,000 za vitunguu kwa ekari, safari yote kutoka 900,000 hadi 600,000 ni kushuka kwa shilingi 60 kwa kilo. Kwa hiyo chora mistari miwili ya faida kwenye karatasi hiyo hiyo, mmoja wa bei unayoitarajia na mwingine wa bei mbaya ya sokoni uliyowahi kuuzia. Ikiwa yote miwili inaishia kona moja, panda. Ikiwa inaishia kona tofauti, mahindi 2 na vitunguu 1.5 viko katikati ya mstari wa mbolea, vinatumia mifuko 10 kamili na siku-kazi 84, na kwa 900,000 vinaleta 1,950,000.