Mlango wa Kizimba: Namna ya Kumfanya Mtoto wa Mbwa Apaone Kwake

Mfugaji akiniambia mtoto wake wa mbwa hataki kizimba, swali langu la kwanza ni moja: mara ya mwisho mlango ule ulifungwa, nani alikuwa na hasira? Mara nyingi jibu huja polepole. Kijibwa alikojolea mkeka, au alitafuna kandambili, akabebwa juu juu akasukumiwa ndani, komeo likagongwa. Kwa mtoto wa mbwa, kizimba hakina maana yoyote mpaka sisi tukipe. Kikiambatana na kelele na mkono unaosukuma, ni hapo hapo kinageuka jela, na blanketi laini haliondoi maana hiyo.

Kuna familia moja niliyoifuatilia karibu wiki mbili, na nitaieleza kwa kirefu kwa sababu makosa yao ndiyo ninayokutana nayo kila mara. Walimchukua kijibwa akiwa na wiki 8. Walikuwa na kizimba kizuri cha nyaya, wakakiweka stoo ili kisizibe njia. Kwa siku 6 za kwanza kilitumika kwa mambo mawili tu: kumlaza usiku peke yake, na kumfungia alipokosea. Nilipofika, kijibwa alikuwa anacheza sebuleni bila shida. Baba wa nyumba akaenda stoo kunionyesha kizimba, akagusa komeo, likalia kidogo. Kijibwa akaacha mchezo, mkia ukaingia katikati ya miguu, akajisukuma chini ya benchi. Hakuwa hata ameitwa. Nilipoangalia nyaya za mlango, nilikuta utando wa mate yaliyokauka, na kona moja ya trei ya chini ilikuwa imekwaruzwa.

Mate, kukwaruza na kung'ata nyaya si ukaidi. Ni dalili za hofu kali, sawa na kuhema wakati hakuna joto, kujisaidia ndani muda mfupi baada ya kutolewa nje, au kukataa kipande cha nyama ambacho nje ya kizimba angekirukia. Ukiona hizo, usiendelee kumfungia kwa matumaini kwamba atazoea. Kila anapofungiwa akiwa katika hali hiyo, hofu inakomaa, na baadhi hujivunja kucha au meno wakijaribu kutoka.

Tulianza kwa kubadilisha kizimba kionekane kitu kingine. Tulikitoa stoo tukakiweka pembeni ya sebule, mahali penye kivuli ambapo watu wanakaa lakini hawapiti juu yake. Tukakigeuza mlango utazame upande mwingine, tukaosha trei na kubadilisha matandiko. Kama kuna mkojo wa zamani, usiusafishe kwa dawa yenye amonia, maana harufu yake inakaribiana na ya mkojo na inamwita arudie pale pale. Kisha tukaung'oa mlango kabisa. Vizimba vingi vya nyaya vina bawaba za kuchomoa. Kama za kwako hazichomoki, ufunge mlango kwa kamba ukiwa wazi, usije ukajirudisha na kumgonga mgongoni. Mlango unaomgonga mara moja unaweza kukurudisha siku nyingi nyuma.

Ukubwa nao tuliurekebisha. Mtoto wa mbwa anatakiwa asimame bila kuinamisha kichwa, ageuke, na alale amenyoosha miguu. Zaidi ya hapo si hisani. Mbwa kwa asili haelekei kuchafua anapolala, lakini kizimba kikiwa kirefu anakojoa upande mmoja na kulala upande wa pili, na tabia hiyo ikishika ni taabu kuiondoa. Kizimba chao kilikuwa cha mbwa mkubwa, kwa hiyo tukaweka kizuizi cha ndani cha kusogeza kadiri anavyokua.

Halafu nikawaomba jambo ambalo liliwakera: kwa siku hizo za mwanzo kijibwa asifungiwe kizimbani hata kidogo. Walishangaa, wakauliza akae wapi basi wakiwa na kazi. Tukamtengea kona yenye uzio mdogo, usiku akalala ndani ya uzio huo karibu na kitanda cha wenye nyumba. Mtu hawezi kumfundisha mbwa asubuhi kwamba kizimba ni mahali pa raha, kisha mchana akamfungia humo akilia kwa sababu ana haraka. Somo la mchana litafuta la asubuhi.

Siku ya kwanza, mama wa nyumba aliketi sakafuni na chembe chache za chakula cha kijibwa kile kile cha kila siku. Alizitupa moja moja, ya kwanza mbali na kizimba, ya pili karibu, ya tatu kwenye kizingiti. Kijibwa alikula mbili za mwanzo, ya tatu akainyooshea shingo mpaka ikawa ndefu kama ya bata, miguu ya nyuma ikiwa tayari kukimbia. Mama akataka kumsukuma kidogo kwa mkono ili "aone hakuna kitu". Nikamzuia. Mkono huo ndio aliokuwa anauogopa. Tulifanya dakika 3, tukaacha, tukarudia baadaye mara nne kwa siku. Siku ya pili miguu ya mbele iliingia. Siku ya tatu aliingia mzima, akachukua chembe, akageuka ndani na kutoka mbio. Kutoka mbio si vibaya. Kunamfundisha kwamba njia iko wazi.

Kuanzia hapo milo yote ilipelekwa kizimbani, sahani ikiwekwa kwanza kizingitini, kisha ikisogezwa ndani kidogo kila mlo. Siku ya nne mchana, baada ya kucheza na kukojoa nje, kijibwa aliingia mwenyewe, akazunguka mara mbili, akalala. Hakuna aliyemwita. Mama alitaka kumpongeza kwa sauti, nikamnong'oneza amwache. Mbwa aliyejilaza kwa hiari yake hahitaji kuamshwa aambiwe amefanya vizuri. Weka chembe kimya kimya karibu na pua yake, uondoke.

Mlango ulirudishwa siku ya tano, na hapa ndipo wengi huharakisha. Kabla ya kuufunga tulimzoesha sauti ya komeo peke yake: gusa komeo, mpe chembe, gusa tena, mpe tena, mpaka komeo lililokuwa linamkimbiza chini ya benchi likawa linamfanya ageuke kutafuta chakula. Kisha mlango ukasukumwa nusu na kurudishwa. Kisha ukafungwa sekunde 2, ukafunguliwa. Baada ya hapo 5, kisha 3, kisha 8, kisha 4. Usiupandishe muda kila mara, kwa sababu mbwa hugundua haraka kwamba mchezo unazidi kuwa mgumu, akaanza kusita. Wakati wa mlo, funga anapoanza kula na fungua kabla hajamaliza. Akimaliza akakuta mlango umefungwa, atakumbuka mlango, si chakula.

Siku ya nane alikaa ndani dakika 10 mlango umefungwa, mama akishona pembeni. Siku ya tisa, mtoto mkubwa wa nyumba, kwa nia njema, alimfungia nusu saa akatoka nje ya nyumba. Kilio kilisikika mpaka uani. Hatukumlaumu mtoto, tulirudi tu kwenye sekunde, na kufikia siku ya kumi na moja tulikuwa tumezifikia tena dakika 10. Siku ya kumi na tatu alilala kizimbani usiku, kikiwa kimesogezwa kando ya kitanda, akatolewa mara moja kukojoa. Kijibwa asiye na kumbukumbu mbaya anaweza kuyapita haya yote kwa siku 4 au 5.

Usiku unahitaji maneno yake. Mtoto wa mbwa wa wiki 8 mpaka jana alilala juu ya wenzake. Kumweka peke yake chumba cha mbali ni kumwondolea joto, harufu na sauti kwa mpigo. Weka kizimba mahali anapokusikia ukipumua, na ushushe mkono kwenye nyaya akihangaika. Baada ya wiki chache, ukisogeze kidogo kidogo kuelekea unapotaka kikae.

Wengi wameambiwa wasifungue mlango mbwa akilia, la sivyo atajifunza kulia. Ushauri huo una ukweli nusu. Sikiliza kilio chenyewe. Kunung'unika kwa chini kunakokatika katika, huku akijigeuza kutafuta mkao, kwa kawaida huisha ndani ya dakika chache. Hapo usiseme neno. Kilio kinachoanza ghafla baada ya usingizi, akiwa amesimama mlangoni, mara nyingi ni kibofu: mbebe kimya, taa hafifu, mpeleke anapokojolea, mrudishe bila mchezo. Kilio kinachopanda badala ya kushuka, chenye kuhema na kukwaruza, ni hofu, na hapo mimi nafungua. Kama ulikuwa umefika dakika 10, kesho anza na 2. Kosa lilikuwa katika ratiba, na ratiba ni ya binadamu.

Kuhusu muda, kanuni ya kawaida ni kuhesabu umri kwa miezi, kuongeza moja, na kuchukua jibu kuwa saa ambazo kibofu kinaweza kustahimili. Wa miezi 2 atapata 3. Ichukue kama dari, si kama lengo. Mchana mimi simwachi wa umri huo zaidi ya saa 1 akiwa macho, na hata mbwa mzima hafai kufungiwa siku nzima huku watu wako kazini. Kwa saa hizo tafuta mtu wa kumtoa, au uzio wenye nafasi.

Kabla ya kila kufunga, mvue mkanda wa shingo. Pete yake inaweza kunasa kwenye nyaya akanyongwa, na hili hutokea kimya. Kagua pia jua: kivuli cha saa 3 asubuhi si kivuli cha saa 7 mchana. Ukifunika kizimba kwa kitambaa, acha upande mmoja au zaidi wazi hewa ipite.

Wapo mbwa wachache ambao, hata baada ya kufuata hatua hizi kwa subira, wanaingiwa na hofu ile ile kila wanapoachwa peke yao, iwe kizimbani au chumba kizima. Tatizo la hao ni kuachwa, na kizimba kinalizidisha. Waache na uzio au chumba, na umwone daktari wa mifugo mwenye uzoefu wa tabia za mbwa.

Na kandambili? Kijibwa akiitafuna, mpe cha kutafuna chake, na kandambili uipandishe rafuni. Kizimbani asipelekwe. Yule wa familia ile bado hutafuna akipata nafasi, lakini nilipopita mara ya mwisho alikuwa amelala ndani ya kizimba, mlango wazi, kidevu kwenye kizingiti, na komeo lilipolia aliinua sikio moja tu.