Kupiga rigresheni kwa mkono, na ile cheki inayokamata mteremko mbovu

Juzi mdogo wangu kanipigia usiku ana kwizi ya takwimu asubuhi, kapiga hesabu mara tatu na kila mara anapata jibu tofauti. Tukakaa na namba za nauli zangu za boda, safari tano tu. x ni kilomita, y ni nauli kwa maelfu ya shilingi, na rigresheni ni kutafuta mstari y = a + b*x unaopita karibu zaidi na nukta zote, b ikiwa mteremko na a nauli pale x ni sifuri:

```
x:  1    2    4    5    8
y:  2    2    3.5  4    6
```

Chukua penseli na karatasi ya mistari. Ile modi ya takwimu ya kalkuleta iache kwanza, maana inakupa jibu bila kukuonyesha ulipokosea.

Hatua ya 1. Wastani. Wa x ni 4, wa y ni 3.5.

Hatua ya 2. Kila namba itoe wastani wake. Kwa x unapata -3, -2, 0, 1, 4 na kwa y ni -1.5, -1.5, 0, 0.5, 2.5. Kila mstari ukijumlisha lazima uje sifuri, usipokuja rudi kwenye wastani. Kuna fomula ya mkato ya kujumlisha xy halafu unatoa, mimi siipendi, watu wanachanganya jumla ya miraba na mraba wa jumla (hapa ni 110 na 400, ona zilivyo mbali) na ukishachanganya hujui kosa liko wapi.

Hatua ya 3. Mteremko. Zidisha tofauti za x na za y jozi kwa jozi, jumlisha, gawanya kwa jumla ya miraba ya tofauti za x:

```
4.5 + 3 + 0 + 0.5 + 10 = 18
9 + 4 + 0 + 1 + 16 = 30
b = 18/30 = 0.6
a = 3.5 - 0.6*4 = 1.1
```

Sasa hapa ndipo usiku wetu ulipoishia. Mdogo wangu aliandika -4.5 na -3, kasahau kwamba hasi mara hasi ni chanya, akapata jumla 3, mteremko 0.1 na a ikawa 3.1. Akacheki kama walivyofundishwa, yaani nauli halisi toa nauli ya mstari, hayo ndiyo mabaki, halafu jumla yake iwe sifuri. Ikawa sifuri kabisa! Akaamini yuko sawa, na mimi pia enzi zangu niliwahi kukesha na kitu hiki hiki. Sababu ni kwamba ukishaitafuta a kwa kutoa b mara wastani wa x, mstari lazima upite kwenye wastani wa x na y, kwa hiyo mabaki yatajumlishwa kuwa sifuri hata ungeweka mteremko wa kubuni. Cheki hiyo haikamati kosa la mteremko hata kidogo.

Inayokamata ni hii: zidisha kila baki na tofauti yake ya x, ndipo ujumlishe. Kwa mstari sahihi mabaki ni 0.3, -0.3, 0, -0.1, 0.1, na unapata -0.9 + 0.6 + 0 - 0.1 + 0.4, sifuri. Kwa mstari wake inakuja 15. Ukikatakata desimali njiani itakuja karibu na sifuri, siyo sifuri kamili, hiyo isikutishe, ila 15 ni kosa.

Hatua ya 4. R². Miraba ya mabaki jumla 0.20, miraba ya tofauti za y jumla 11:

```
1 - 0.20/11 = 0.98
```

Kusoma majibu. 0.6 maana yake kila kilomita ikiongezeka nauli inapanda kwa wastani shilingi 600. 1.1 ni shilingi 1,100 pale kilomita ni sifuri, safari ambayo haipo, kwa hiyo ichukulie kama sehemu ya nauli isiyotegemea umbali, na usiing'ang'anie sana kwa sababu safari yangu fupi kabisa ilikuwa kilomita 1. R² ya 0.98 siyo kwamba utabiri uko sahihi asilimia 98, hapana, ni kwamba katika kupishana kote kwa hizi nauli tano, asilimia 98 kunaelezwa na mstari wa umbali.

Na tazama ile safari ya kilomita 8. Kwenye ile 30 ya chini, yenyewe peke yake imeleta 16. Siku hiyo mvua ingenyesha nikalipa 8,000 badala ya 6,000, jumla ya juu ingekuwa 26 na mteremko ungeruka kutoka 600 hadi kama 867 kwa kilomita, kwa sababu ya safari moja tu. Ndiyo maana nilimwambia achore nukta kwenye karatasi kabla hajaandika sentensi yoyote ya tafsiri, na kwa safari ya kilomita 40 asiutumie mstari huu kabisa.