Kabla ya kumtuma mama kuchukua kifurushi

"Shikamoo mama. Kifurushi kipo, ila kina jina la mwanao. Una barua yake?"

Mama wa watu, aliyepanda daladala asubuhi kufika posta ya Tanga mjini, hakuwa na barua. Mwanawe yuko Muscat. Alimwagizia blenda kutoka Uchina na kwenye fomu ya duka akajaza jina na simu yake mwenyewe, kama alivyozoea. Ujumbe wa mzigo kufika ukamfuata yeye huko Omani, naye akampigia mama: "Nenda kachukue." Hakusema zaidi.

Hapo ndipo maandalizi yanapoanzia, siku ya kuagiza. Jina la mpokeaji liwe la mama, herufi kwa herufi kama kitambulisho chake cha NIDA, na simu iwe ile anayoishika yeye. "Mama Fulani" la mtaani halitoshi. Ikiwa mzigo umeshatoka kwa jina la mtoto, aandike barua ya idhini yenye majina yote mawili, namba ya kifurushi na sahihi yake, aambatanishe nakala ya kitambulisho chake. Kabla mama hajatoka nyumbani, mtu apige simu ofisini kuuliza kama barua iliyotumwa kwa simu na kuchapishwa wataipokea, au wanataka ya asili.

Namba yenyewe mpe kwenye karatasi, kwa maandishi makubwa. Ya posta ya kimataifa huwa na herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ilikotoka, kwa mfano CN kwa Uchina. Isiyofuata mpangilio huo huenda ni ya kampuni binafsi ya usafirishaji, kwa hiyo uliza kwanza ofisi ni ipi, asije akapanga foleni pasipo mzigo wake.

La fedha ndilo linalowaaibisha wazee kaunta, nami naona si haki kuwaachia. Nauli ya mzigo iliyolipwa dukani si ushuru. Tuseme blenda ni shilingi 80,000 na usafirishaji 20,000: forodha huanzia 100,000. Ikitozwa ushuru wa asilimia 25, ni 25,000. VAT ya asilimia 18 hukokotolewa juu ya 125,000, nayo ni 22,500. Jumla 47,500, na tozo ndogo huongezeka juu yake. Mpe risiti ya duka inayoonyesha bei, maana isipokuwepo afisa hukadiria thamani mwenyewe. Malipo ya serikali hupitia kontroo namba. Akiambiwa atume kwenye simu ya mtu, asitume.

Pia aulize gharama ya kuhifadhi mzigo inaanza kuhesabiwa lini.

Barua ilipofika, mama alirudi na kijana wa jirani. Kabla ya kutia sahihi, kijana alilikagua boksi pande zote, akakuta kona imebonyea, akaomba lifunguliwe palepale mbele ya karani. Jagi lilikuwa zima. Mama akatia sahihi.