Kutoka ramani bapa ya DWG hadi kuta za pande tatu: somo la AutoCAD kwa kutumia EXTRUDE

Amri ya EXTRUDE ni ya sekunde chache. Kazi yenyewe iko kabla yake, kwenye kuhakikisha mistari ya ukuta imefunga kabisa. Polilaini iliyofunga inakupa ukuta uliojaa, na iliyo wazi inakupa ganda tupu lisilo na unene. Hapo ndipo wengi wanakwama, kwa hiyo hapo ndipo tutakaa zaidi.

Tutatumia ramani ndogo kabisa, chumba kimoja cha nje. Kwa nje ni milimita 3600 kwa 3300, na ukuta ni 150, yaani tofali la inchi 6 bila plasta. Kona ya chini kushoto iko kwenye 0,0. Mlango wa 900 uko ukuta wa chini, kuanzia x=600, na pale mchoraji amekata ukuta na kuweka vistari viwili vya kuufunga pembeni. Dirisha la 1200 liko ukuta wa juu kuanzia x=1200, na pale mistari ya ukuta imepita moja kwa moja bila kukatwa.

Kwanza, kipimo. Usiamini maneno yaliyoandikwa kwenye ramani. Tumia DIST upime upana wa mlango. Ukipata 900, faili liko kwenye milimita. Ukipata 0.9, ni mita, basi kuza ramani yote kwa SCALE ya 1000. Ukipata 35.43, mtu amechora kwa inchi, basi kuza ramani yote kwa SCALE ya 25.4. Usipofanya hivi, utaandika kimo cha 3000 kwenye faili la mita na kupata mnara wa kilomita tatu.

Pili, safisha. Fanya nakala ya faili. Zima leya za fanicha, vipimo, maandishi, hatchi, milango na madirisha, ibaki leya ya ukuta peke yake. Kisha endesha OVERKILL kwenye mistari iliyobaki. Ramani iliyopita mikononi mwa watu watatu haikosi mistari miwili iliyolaliana, na hiyo itakusumbua baadaye bila kuonekana.

Tatu, pata polilaini iliyofunga. Tengeneza leya mpya, iite UKUTA_3D, uifanye ndiyo unayochorea. Kuza mwonekano hadi ramani yote ionekane, kisha:

```
BOUNDARY
```

Kwenye kidirisha chagua Polyline, bonyeza Pick Points, halafu bofya ndani ya unene wa ukuta, katikati ya ile mistari miwili. Ukibofya ndani ya chumba utapata polilaini ya sakafu, na ukiinyanyua utapata jiwe moja lililojaza chumba kizima.

Kwa kuwa mlango umekata ukuta, hapa unapata polilaini moja inayozunguka nje, inaingia kwenye pembe ya mlango, inarudi kwa ndani na kutokea pembe ya pili. Ingekuwa hakuna mlango, ungepata polilaini mbili, ya nje na ya ndani. Hapo unanyanyua zote mbili, kisha unatumia SUBTRACT kuondoa ya ndani kutoka ya nje.

AutoCAD ikikataa na kusema mpaka haujafunga, tazama vizuri kwenye skrini: huonyesha viduara vyekundu kwenye ncha zisizogusana. Sogea karibu, ziba pengo kwa FILLET ya rediasi 0 au EXTEND, kisha REGEN viduara viondoke. Mapengo yakiwa mengi, tumia PEDIT:

```
PEDIT
M
(chagua mistari, Enter)
Y
J
5
```

Hiyo 5 ni umbali wa pengo ambao programu inaruhusiwa kuuziba, kwa milimita. Usiweke 100 ukidhani unarahisisha kazi. Kona zitavutwa, na ukuta wa 150 utapinda bila wewe kugundua.

Nne, nyanyua. Ukitaka polilaini zibaki baada ya kazi, weka DELOBJ iwe 0. Kisha:

```
EXTRUDE
(chagua polilaini, Enter)
3000
```

Geuza mwonekano kwa `-VIEW` kisha `SWISO`, na uweke rangi kwa `VSCURRENT` kisha `C`.

Tano, mlango na dirisha. Ukuta sasa una pengo la mlango hadi juu, na dirisha halipo kabisa. Juu ya mlango, kuanzia kimo cha linta, 2100, hadi 3000, panahitaji kipande:

```
BOX
600,0,2100
@900,150,900
```

Kiunge na ukuta kwa UNION. Dirisha linaanza 900 kutoka chini na lina kimo cha 1200, kwa hiyo nalo linaishia 2100, usawa mmoja na mlango. Tengeneza boksi la kukatia, lizidi unene wa ukuta pande zote mbili:

```
BOX
1200,3100,900
@1200,250,1200
```

SUBTRACT inataka mpangilio: ukuta kwanza, Enter, halafu boksi. Ukigeuza, ukuta ndio utakaopotea.

Hakiki. Endesha MASSPROP kwenye ukuta. Eneo la ukuta chini ni mita za mraba 1.98, ukitoa mlango 0.135 inabaki 1.845. Mara 3 ni 5.535. Ongeza kipande cha juu ya mlango 0.1215, toa dirisha 0.216, unapata mita za ujazo 5.4405. Kwa milimita MASSPROP inapaswa kusoma 5440500000. Ikitofautiana, kuna boksi limekaa vibaya au dirisha halijakatwa.

---

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, kwangu ukuta unanyanyuka kama karatasi, hauna unene. Nimekosea wapi?

Jibu: Polilaini yako iko wazi. Ichague, fungua PROPERTIES, utaona Closed ni No. Unaweza kuweka Yes, ila angalia itachora mstari ulionyooka kutoka ncha ya mwisho hadi ya kwanza. Mstari huo ukikatiza chumba, pengo lako ni kubwa kuliko ulivyodhani, rudi ukalitafute.

Swali: Ncha zinagusana kabisa nikitazama kutoka juu, lakini PEDIT haiungi. Nimeshaweka hadi 50.

Jibu: Tazama Z. Endesha LIST kwenye mistari miwili, nadhani mmoja uko 0 na mwingine una kimo chake. Kutoka juu huwezi kuona tofauti hiyo. Tumia FLATTEN ilaze yote kwenye 0, halafu rudia.

Swali: Ramani yangu imekata ukuta hata kwenye madirisha. Nifanyeje?

Jibu: Hapo ukuta utatoka vipande vipande, na kila kimoja utakipata kwa BOUNDARY yake. Huhitaji kukata dirisha tena. Weka boksi la kimo 900 chini ya dirisha na lingine kutoka 2100 hadi 3000 juu yake. Mimi napenda ramani za namna hii, kwani hakuna SUBTRACT hata moja.

Swali: PRESSPULL si rahisi zaidi? Unabofya tu unavuta.

Jibu: Kwa chumba kama hiki, ndiyo, itumie. Kwa nyumba yenye vipande vingi, nachagua polilaini zote za leya ya UKUTA_3D na kunyanyua kwa mpigo mmoja. Tena usikimbilie UNION. Kabla ya kuunganisha, kila kipande kina Height yake kwenye PROPERTIES, na mteja akitaka kuta za 3200 unabadilisha hapo tu.

Swali: Natumia AutoCAD LT, EXTRUDE haipo.

Jibu: Haipo kweli, kaka. LT haitengenezi maumbo yaliyojaa. Unaweza kuandaa polilaini zako zote humo hadi hatua ya tatu, kisha faili ulifungue kwenye AutoCAD kamili umalizie.